Muhtasari wa Muhtasari: Jinsi Vipele vya Siku Tatu Vinavyogeuka Kuwa Mzio Mkali

Mgonjwa anayetoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka huko kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, hafuatwi na historia yake yote. Anafuatwa na muhtasari wake. Anayempokea huusoma, huchukua anachokihitaji, na akimpeleka mbele huandika muhtasari mwingine. Mara nyingi huo wa pili hautokani na mgonjwa wala na maandishi ya kwanza, bali na muhtasari uliotangulia. Makala haya yanaeleza kinachotokea katika mnyororo huo. Tutatumia jambo moja tu, ambalo wahudumu hukutana nalo mara kwa mara: maneno “mzio wa penisilini” katika kadi ya mjamzito.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mkazi wa kata ya Kibuta, wilayani Kisarawe. Akiwa na miaka 6 alipelekwa zahanati akiwa na homa, mafua na kikohozi, akapewa amoksilini, ambayo ni dawa ya jamii ya penisilini. Siku ya tatu mama yake alimrudisha. Tabibu akaandika katika daftari lake: “Homa kwa siku 4. Siku ya 3 ya amoksilini ametoka vipele vidogo vyekundu kifuani na mgongoni. Haviwashi sana. Midomo na macho havijavimba, anapumua vizuri, anacheza. Huenda ni vipele vya virusi, huenda ni dawa. Dawa imesimamishwa.”

Hayo ni maandishi mazuri. Yanasema kilichoonekana na kisichoonekana, na yanakiri kwamba sababu haijajulikana.

Miaka mitano baadaye daftari limejaa na mzazi amenunua jipya. Katika ukurasa wa kwanza mhudumu mwingine, akitazama la zamani, anaandika: “Aliwahi kutoka vipele baada ya amoksilini.” Hakuna uongo hapo. Lakini homa iliyotangulia vipele haipo tena, siku ya tatu haipo, midomo isiyovimba haipo, na neno “huenda” limeondoka. Zaidi ya hayo, “baada ya” ni neno la wakati ambalo msomaji wa Kiswahili hulisoma kwa urahisi kama neno la sababu. Mhudumu wa tatu, ambaye hajaliona daftari la kwanza, anaandika: “Mzio wa amoksilini.” Wa nne anajua kwamba amoksilini ni ya jamii ya penisilini, naye kwa nia njema anaandika: “Mzio wa penisilini.” Msichana anapofika miaka 22 na kuanza kliniki ya wajawazito, kadi yake inaandikwa kwa wino mwekundu: “MZIO MKALI WA PENISILINI. ASICHOMWE.”

Hapo ndipo madhara yanapoanza. Katika hudhurio la kwanza la kliniki mjamzito hupimwa kaswende. Ikiwa anayo, dawa inayotegemewa kumtibu yeye pamoja na mtoto aliye tumboni ni sindano ya benzathini penisilini, uniti milioni 2.4. Kwa maambukizi ya karibuni dozi moja hutosha. Kwa ya muda mrefu, au yasiyojulikana yalianza lini, hutolewa dozi tatu, moja kila wiki. Anayekwepa penisilini huenda akatoa erithromaisini. Dawa hiyo haivuki kondo la nyuma kwa kiasi cha kutegemewa, na kwa hiyo mtoto huhesabiwa kuwa hajatibiwa. Kaswende isiyotibiwa inaweza kuua mimba tumboni, kuleta uzazi wa kabla ya wakati, au kumfanya mtoto azaliwe na ugonjwa. Kwa maneno mengine, maneno matano ya wino mwekundu yanaweza kumnyima mtoto tiba yake, na maneno hayo hayakuandikwa na mtu yeyote aliyeviona vipele.

Kwa nini muhtasari husogea kuelekea upande huo, na si upande mwingine? Inafaa kulitazama swali hili kwa makini, kwa sababu wengi hudhani tatizo ni uzembe. Kila mmoja wa wahudumu wale alifanya kazi yake. Anayefupisha lazima aache kitu, na kinachoachwa kwanza ni kile kinachoonekana kuwa mapambo: siku, mahali pa mwilini, mambo ambayo hayakutokea, na maneno ya mashaka. Kiini cha sentensi, yaani mtu, dawa na dhara, hubaki. Lakini katika tiba uzito umo ndani ya hayo “mapambo”. Vipele vilivyotoka siku ya tatu kwa mtoto mwenye homa, bila uvimbe wala shida ya kupumua, ni jambo moja. Mabaka yanayovimba na kuwasha ndani ya saa moja, midomo iliyofura, kifua kinachobana au kuzimia ni jambo lingine kabisa. Baada ya kufupishwa mara tatu, yote mawili huandikwa kwa maneno yale yale.

Kuna jambo la pili. Msomaji wa muhtasari haoni kilichoachwa. Pengo halina alama. Akisoma “mzio wa amoksilini” hana namna ya kujua kama nyuma yake kuna mtoto aliyekuwa akicheza au mtoto aliyekuwa akikata roho. Akiwa mwangalifu, atachukulia lililo baya zaidi, na ataandika hivyo. Tahadhari ya kila mtu huongezwa juu ya tahadhari ya aliyemtangulia, na ndivyo neno “mkali” lilivyoingia. Matokeo yake ni kwamba uhakika wa maneno hupanda kadiri ushahidi unavyopungua.

Hesabu ndogo yaweza kusaidia. Tuseme kila mhudumu ni hodari, na katika kila mambo 10 yenye maana hubakiza 8. Wa kwanza ana 8. Wa pili, akifupisha kazi ya wa kwanza, ana kama 6. Wa tatu ana 5, na wa nne ana 4. Lakini kama kila mmoja wa wanne angefungua daftari la kwanza, kila mmoja angekuwa na 8. Tena wasingeacha mambo yale yale: mmoja angesahau siku, mwingine angesahau mahali pa vipele, na anayelinganisha maandishi yao angegundua tofauti na kuuliza. Katika mnyororo tofauti kama hiyo haionekani, kwa kuwa kila nakala inakubaliana na iliyotangulia. Nakala nne zinazokubaliana huonekana kama mashahidi wanne, kumbe shahidi ni mmoja, naye amesikiwa vibaya.

Jambo hili haliwapati wahudumu wa zahanati peke yao. Januari 1980 Jane Porter na Hershel Jick wa Boston walichapisha barua fupi ya sentensi tano katika jarida kubwa la tiba la Marekani. Walikuwa wamepitia kumbukumbu za wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitalini na kupewa dawa za maumivu za jamii ya afyuni, na kati ya wasiokuwa na historia ya uraibu wakaona wanne tu waliothibitika kuwa waraibu. Maneno “waliolazwa hospitalini” ndiyo yaliyobeba uzito wote. Watafiti wa Kanada walipohesabu mwaka 2017, walikuta barua hiyo imetajwa mara 608. Waandishi 491 kati ya hao hawakueleza kwamba wagonjwa walikuwa wamelazwa, na wengi waliitumia kama uthibitisho kwamba dawa hizo haziletei watu uraibu. Barua yenyewe ilikuwa fupi sana. Kuisoma kungechukua dakika moja.

Turudi kwa mjamzito wetu. Mkunga anayeona wino mwekundu na kipimo cha kaswende kilicho chanya haruhusiwi kuyafuta maneno yale kwa kukisia, wala mgonjwa asiyapuuze. Kinachotakiwa ni kurudi kwenye chanzo. Aulize lipo wapi daftari la utotoni. Likipatikana, aandike upya kutoka humo: “Akiwa na miaka 6, akiwa na homa, siku ya 3 ya amoksilini alitoka vipele vidogo bila uvimbe wala shida ya pumzi. Daftari la zahanati limeonekana. Hajapewa penisilini tena tangu hapo.” Mistari hiyo mitatu si mirefu kwa kadi yoyote, na daktari anayeisoma anaweza kuamua. Katika historia ya namna hii hatari huwa ndogo, na daktari anaweza kumpa dozi ya majaribio ya amoksilini ya kumeza mahali penye adrenalini na watu wa kumwangalia, kabla ya sindano. Wanaoitwa wenye mzio wa penisilini wanapopimwa ipasavyo, zaidi ya 9 kati ya 10 huonekana kuivumilia. Hata aliyekuwa na mzio wa kweli mara nyingi huupoteza baada ya miaka mingi bila kuitumia dawa hiyo.

Na daftari lisipopatikana? Madaftari huliwa na mchwa, huloa, huwashiwa moto wa jikoni. Hapo chanzo kilicho karibu zaidi ni mama au bibi aliyemleta mtoto, naye aulizwe kwa maswali yaliyo wazi: vipele vilitoka siku ya ngapi, vilionekanaje, uso ulivimba, alihema kwa shida, alilazwa, alitumia dawa ya namna hiyo tena baadaye? Kumbukumbu ya mtu nayo ni muhtasari, na miaka 16 huifupisha sana, hivyo iandikwe ilivyo: “Kwa maelezo ya mama, maandishi ya kwanza hayakuonekana.” Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo huachwa mara nyingi kuliko zote, ingawa ndiyo inayomwonya msomaji ajaye asidhani anasoma maandishi ya aliyeshuhudia.

Ieleweke pia kwamba chanzo chenyewe chaweza kuwa na kosa. Tabibu wa kwanza huenda hakuuliza kama mtoto alikuwa amekunywa dawa nyingine nyumbani. Kurudi kwake hakuliondoi kosa hilo. Faida yake ni kwamba kosa linabaki moja, mahali pamoja, pamoja na tarehe na maneno yanayoweza kuhojiwa. Wanaohakiki takwimu za MTUHA wanaujua utaratibu huu: taarifa ya mwezi ikitiliwa shaka hawailinganishi na taarifa ya mwezi uliopita, bali wanafungua rejista na kuhesabu upya mstari kwa mstari.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, kazi ni ndogo. Daftari jipya likinunuliwa, la zamani lisitupwe. Lishonwe au lifungwe pamoja na jipya, na ukurasa wenye habari za dawa iliyoleta shida upigwe picha kwa simu. Ukiambiwa una mzio, uliza ni wa dawa gani, ulionekanaje na umeandikwa wapi kwa mara ya kwanza. Na unaposafiri kwa rufaa kutoka Kibuta kwenda Kisarawe mjini, au hadi Tumbi Kibaha, au Muhimbili, beba karatasi ya rufaa pamoja na madaftari yenyewe, hata yawe yamechakaa kiasi gani, na uyatoe mkobani kabla hujaulizwa.