Saa Mbili za Kunyonyesha: Mwili Huhesabu Mapengo

Mama anayerudi kazini baada ya likizo ya uzazi mara nyingi huambiwa neno moja: "Utatoka mapema." Kazi inafungwa saa 11 jioni, yeye ataondoka saa 9 alasiri, na kila mtu ataona sheria imetimizwa. Kwa hesabu ya ofisi, imetimizwa kweli. Kwa hesabu ya titi, bado, na ndiyo maana barua ya kuomba saa za kunyonyesha inahitaji sayansi kidogo ndani yake.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya mwaka 2004, inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 akijifungua pacha. Kifungu cha 33(10) kinaongeza kwamba mwajiri atamruhusu mama anayenyonyesha kumlisha mtoto ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Kifungu hakisemi saa hizo zigawanywe vipi. Hakitaji kukamua, hakitaji chumba, wala hakisemi ruhusa ikome mtoto akiwa na umri gani. Yote hayo yameachwa kwa mama na mwajiri wake, na mahali pa kuyapanga ni kwenye barua.

Tumchukue mama wa mfano, mkazi wa Ngarenaro, Arusha, karani wa mauzo katika ofisi ya utalii iliyoko Njiro. Alianza likizo wiki 2 kabla ya kujifungua, kwa hiyo siku 84 zinapoisha mtoto wake ana wiki 10. Ushauri wa kitabibu ni mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6, yaani kama wiki 26. Zimebaki wiki 16, na katika wiki hizo mama atakuwa Njiro wakati mtoto yuko Ngarenaro kwa bibi yake. Kukatiza mjini kwa hiace, kunyonyesha na kurudi kunaweza kumaliza saa mbili zote barabarani. Njia iliyobaki ni kukamua.

Barua yake inaweza kusomeka hivi:

Kwa Meneja Rasilimali Watu,

YAH: MAOMBI YA MPANGILIO WA SAA ZA KUNYONYESHA NA SEHEMU YA FARAGHA YA KUKAMUA MAZIWA

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni karani wa mauzo, na nitarejea kazini likizo yangu ya uzazi itakapoisha. Mtoto wangu atakuwa na wiki 10 na ananyonya maziwa yangu pekee.

Kwa kuzingatia kifungu cha 33(10) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, naomba saa mbili nilizopewa zigawanywe hivi: dakika 30 kuanzia saa 4 asubuhi, dakika 30 kuanzia saa 7 mchana kabla ya mapumziko ya chakula, na saa moja ya mwisho nitoke saa 10 badala ya saa 11 jioni.

Naomba pia nipatiwe sehemu yenye mlango unaofungwa kwa ndani, kiti chenye egemeo, meza ndogo na maji ya kunawa karibu. Isiwe chooni. Stoo ndogo ya vipeperushi ingetosha ikisafishwa. Maziwa nitayahifadhi kwenye deli langu lenye barafu.

Napendekeza tuupitie mpangilio huu mtoto atakapotimiza miezi 6. Wenzangu wawili wamekubali kupokea simu zangu katika dakika hizo.

Natanguliza shukrani.

Meneja makini atauliza: kwa nini uvuruge asubuhi na mchana, wakati unaweza kuzichukua saa zote mbili jioni? Swali ni la haki, na sehemu kubwa ya jibu lake ilipatikana kwa mbuzi.

Mwaka 1983 watafiti wa Taasisi ya Hannah, Skotlandi, walitoa matokeo ya jaribio lililotumia umbile la kiwele cha mbuzi, ambacho kina pande mbili zisizochangia maziwa. Upande mmoja walikuwa wakiukamua mara mbili kwa siku kama kawaida, na wa pili mara tatu. Damu inayopita ni ileile, homoni ni zilezile, chakula ni kilekile. Hata hivyo maziwa yaliongezeka upande uliokamuliwa mara tatu tu. Wakajiuliza kama ni kwa sababu upande ule ulipunguziwa mgandamizo. Basi wakatoa maziwa na kurudisha ndani maji ya sukari ya ujazo uleule, kiwele kikabaki kimejaa. Uzalishaji ukaongezeka vilevile. Kumbe kilichokuwa kikipunguza kasi kilikuwamo ndani ya maziwa yenyewe: yakikaa muda mrefu, yanaviambia vifuko vinavyoyatengeneza vipunguze kazi.

Kwa binadamu pia titi lililojaa hutengeneza maziwa polepole, na lililotolewa maziwa huongeza kasi. Kila titi hujipangia lenyewe, ndiyo maana mtoto anayependa upande mmoja humwachia mama upande wa pili ukipungua. Kujaa kwa siku moja hakukaushi maziwa. Kukijirudia siku baada ya siku, mwili unasoma kwamba maziwa hayahitajiki, na uzalishaji unashuka taratibu.

Sasa rudi kwenye ratiba. Mama wetu anamnyonyesha mtoto na kutoka nyumbani saa 1 asubuhi. Akisubiri kutoka saa 9 alasiri na kufika saa 10 kasoro robo, titi limekaa karibu saa 9 bila kuguswa. Kwa mpangilio wa barua, anakamua saa 4, anakamua tena saa 7, na saa 11 kasoro robo yuko nyumbani. Hakuna pengo linalofika saa 4. Mwajiri ametoa dakika 120 zilezile katika mipango yote miwili.

Kiasi nacho kinahesabika. Mtoto wa umri huu hunywa wastani wa mililita 750 hivi kwa saa 24. Mama akiwa mbali kwa karibu saa 10, mtoto atahitaji kama mililita 300. Mikamuo miwili ya mililita 150 inatosha. Wapo akina mama ambao matiti yao hayabebi kiasi hicho kwa mkupuo, na hao hukamua tena alfajiri kabla ya kuondoka. Hilo ni umbile tu. Ukubwa wa titi kwa macho hauonyeshi litabeba maziwa kiasi gani.

Ombi la pili, la chumba, lina sababu yake tofauti. Kutengenezwa kwa maziwa ni jambo moja, kushuka kwake ni jingine. Maziwa husukumwa nje na homoni ya oksitosini, ambayo hubana misuli midogo inayozunguka vifuko. Woga, aibu na maumivu huizuia. Mwaka 1948 wanandoa wa Kimarekani, Michael na Niles Newton, walichapisha jaribio walilolifanya kwa Niles mwenyewe akinyonyesha. Siku za utulivu mtoto alipata wastani wa gramu 168 kwa mnyonyo. Siku ambazo mama alisumbuliwa makusudi, kwa miguu kutumbukizwa kwenye maji ya barafu au kuulizwa hesabu mfululizo, mtoto alipata gramu 99. Aliposumbuliwa vilevile lakini akachomwa sindano ya oksitosini, gramu zilipanda hadi 153. Maziwa yalikuwamo muda wote, ila njia ilikuwa imefungwa. Alikuwa mama mmoja tu, lakini kinachoonekana pale ndicho kinachompata karani anayekamua huku akisikiliza nani anagonga mlango. Dakika 30 zake zinaisha na kikombe hakijafika nusu. Komeo la mlango, kwa hiyo, ni kifaa cha kukamulia.

Ndani ya chumba hicho kazi ni rahisi ukiijua. Nawa mikono kwa sabuni. Andaa kikombe cha mdomo mpana chenye mfuniko, kilichooshwa na kuchemshwa. Weka dole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini, pembezoni mwa duara jeusi, mbali kidogo na chuchu. Sukuma nyuma kuelekea kifuani, bana, achia. Rudia, kisha zungusha vidole ili pande zote zipate zamu. Usiivute chuchu wala kuteleza juu ya ngozi. Kamua titi moja kwa dakika 3 hadi 5, hamia la pili, kisha rudia yote mawili. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Epuka pampu za mkono zenye mpira wa kuminya, kwa sababu maziwa huingia ndani ya mpira na kuusafisha ni vigumu.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Arusha ya Julai huruhusu hilo, lakini Februari mchana ofisi yenye paa la bati hupita hapo. Na hata kwenye baridi, maziwa ya saa 4 asubuhi yatafika Ngarenaro baada ya karibu saa 7. Ndiyo maana ya deli: likiwa na barafu ya kutosha, hushika saa 24. Kwenye friji ni siku 4. Andika saa na tarehe kwenye mfuniko, na bibi aanze na ya zamani. Ayapashe kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, asiyachemshe, na amnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo. Mafuta kujitenga juu ni kawaida, zungusha tu kikombe. Yakinuka uchachu, mwaga.

Dalili kwamba mpangilio haufanyi kazi huonekana kwa mtoto na kwa mama. Mtoto akikojoa chini ya mara 6 kwa siku, au mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukilala, maziwa hayatoshi. Mama akipata uvimbe mgumu wenye maumivu na wekundu, pengo limekuwa refu mno. Akamue mara moja, na homa ikipanda aende kituo cha afya, bila kuacha kunyonyesha.

Jirani zetu Kenya walikwenda upande mwingine. Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea chenye maji ya kunawa, ubaridi, meza na viti, na inakataza kiwe maliwatoni. Lakini muda wanaoutoa hauzidi saa moja katika saa 8 za kazi. Wao wana chumba na muda mfupi, sisi tuna muda mrefu bila chumba.

Mama, andika barua hiyo wiki kadhaa kabla ya kurudi, ubaki na nakala iliyopokelewa kwa muhuri. Ikikataliwa, afisa kazi wa mkoa yupo, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo. Na wewe meneja unayeipokea, usibishane na saa mbili, maana hizo sheria imeshazitoa. Uliza zikae wapi katika siku, kisha utafute komeo.