Kifaa Kikifa, Samaki Abaki Hai

Tuchukue tangi la lita 100 lililo sebuleni Arusha, mwezi wa Julai. Usiku chumba kinapoa hadi nyuzi 17, mchana kinafika 21 au 22. Ndani ya tangi wamo samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, ambao wamezoea maji ya nyuzi 24 hadi 27. Mwenye tangi anasafiri kwenda Dar es Salaam kwa wiki moja. Ameshanunua hita, taima ya taa na mashine ya kulishia, na vyote vinafanya kazi. Kabla hajafunga mlango kuna swali moja la kujiuliza: hita hii ikiharibika, itaharibikia ikiwa inawaka au ikiwa imezimika?

Samaki mkubwa mwenye afya hustahimili njaa ya wiki nzima. Giza la siku kadhaa halimuui, na maji yakipoa taratibu kwa nyuzi mbili tatu anatulia tu na kupunguza mwendo. Asichokiweza ni maji yanayopanda joto bila kikomo, na maji yaliyochafuka kwa chakula kilichooza. Kwa hiyo kila kifaa kina upande wake wa kufia. Hita ife ikiwa baridi, taa ife ikiwa imezimika, mashine ya chakula ife ikiwa imefunga mdomo. Ukishalishika hilo, mengine yote ni namna ya kuunganisha nyaya.

Tuanze na hita, maana ndiyo inayoua haraka. Hita ya kawaida ya kioo ina swichi ya joto ndani yake, inayofanya kazi kama ile ya pasi: kipande cha chuma hujikunja kikipata joto na kukata umeme, kikipoa hurudi na kuuwasha. Kila inapowasha na kuzima, cheche ndogo huruka pale vyuma viwili vinapogusana. Baada ya miezi au miaka ya cheche hizo, siku moja vyuma vinagandamana kabisa. Kuanzia hapo hita haizimi tena, hata ukigeuza kitufe chake hadi mwisho.

Sasa ukubwa wa hita ndio unaoamua samaki watapona au la. Kwa makadirio, tangi la kioo la lita 100 lenye kifuniko hupoteza kama wati 8 kwa kila nyuzi moja ambayo maji yanazidi hewa ya chumba. Chumba chetu kwa wastani wa usiku na mchana kina nyuzi 19. Kuyaweka maji kwenye nyuzi 25 kunahitaji wati 8 mara 6, yaani 48, na usiku wa baridi kali kama 64. Hita ya wati 75 inatosha. Ikigandamana na kuwaka moja kwa moja, maji yatapanda nyuzi 9 hivi juu ya joto la chumba na kukomea kwenye 28. Samaki watahema kwa kasi kidogo, lakini mwenyewe atawakuta hai.

Wauzaji wengi watakushauri uchukue ya wati 200 ili maji yapate moto upesi. Hiyo ikigandamana, inaweza kuyapandisha maji nyuzi 25 juu ya joto la chumba, yaani hadi 44. Kutoka 25 itayafikisha kwenye 32 chini ya muda wa saa 7. Ukiondoka alfajiri, mchana samaki wako wako hatarini, na hakuna mtu nyumbani. Nunua hita ndogo inayolingana na mahitaji ya chumba chako. Ni kinga ya bei rahisi kuliko zote, na haina programu wala betri ya kuisha. Lakini ina mpaka wake: nyumba ya pwani yenye nyuzi 29 au 30 haiwezi kuikwepa hesabu hii, kwani hata wati 75 zitayafikisha maji kwenye 38. Huko dawa ni kuichomoa hita kabisa, kwa sababu maji tayari yana joto la kutosha.

Kinga ya pili ni kuweka swichi mbili za joto mfululizo kwenye njia moja ya umeme, kila moja ikiwa na uwezo wa kuukata bila kuitegemea nyenzake. Chukua kidhibiti cha nje, mathalani kile kidogo cha STC-1000, umeme upite hapo kwanza ndipo uende kwenye hita. Kwenye kidhibiti weka `F1` iwe 25 na `F2` iwe 0.5, kisha kitufe cha hita yenyewe kiweke kwenye 27. Siku zote kidhibiti ndicho kitakachowasha na kuzima. Kikigandamana, maji yatapanda hadi 27 na hita itajizima yenyewe. Ili samaki waive, lazima swichi zote mbili ziharibike pamoja.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulisahau. Kidhibiti kikiharibika utajua, kwa sababu kipimajoto cha kioo kilichobandikwa tangini kitaonyesha 27 badala ya 25. Lakini swichi ya ndani ya hita ikigandamana hutajua lolote, maana kidhibiti kinaendelea kuificha. Utabaki na kinga moja huku ukiamini unazo mbili. Kwa hiyo kila mwezi, siku ambayo upo nyumbani, pandisha `F1` hadi 29, ukae na kuangalia kama taa ya hita inazimika maji yakikaribia 27. Isipozimika, rudisha `F1` mahali pake na kanunue hita nyingine.

Swichi ya ndani ina kazi nyingine pia. Waya wa kipimo cha kidhibiti hunin'ginia majini, na siku maji yakipungua au mtoto akiuvuta, kipimo kinabaki hewani. Hapo kinasoma joto la chumba, nyuzi 18, na kidhibiti kinaamini maji yamepoa. Kitawasha bila kukoma. Wa kukizuia ni ile swichi iliyowekwa kwenye 27. Funga waya huo kwa kamba ya plastiki, na uhakikishe ncha yake iko chini zaidi ya hita yenyewe.

Wanaojitengenezea mfumo wao kwa bodi ndogo ya kompyuta na kipimo cha DS18B20 wana mtego wao, na ni mzuri kuujua kwa karibu. Waya wa kipimo hicho ukikatika, maktaba ya programu inayotumiwa na wengi hairudishi kimya wala neno la hitilafu. Hurudisha namba -127, na bodi huipokea kama vile ni joto la kweli. Programu ya mwanafunzi husema: joto likiwa chini ya 25, washa hita. Nyuzi 127 chini ya sifuri ni chini ya 25, basi hita inawaka. Kipimo hichohicho, kikipata umeme tu kabla hakijapima, husoma 85. Dawa ni kuukataa usomaji wowote usioingia akilini:

```
float t = sensors.getTempCByIndex(0);
bool sawa = (t > 10 && t < 40);
bool washa = sawa && (t < 25.0);
```

Kwa mistari hiyo, kipimo kilichokufa kinaizima hita. Na rilei inayopokea amri hiyo ina sehemu tatu za kufunga nyaya, zilizoandikwa COM, NO na NC. Waya wa hita uende kwenye NO, ambako umeme haupiti mpaka bodi iamuru. Bodi ikizimika, hita nayo inazimika.

Chakula kina hatari ya namna yake, na kwetu chanzo chake mara nyingi ni umeme kukatika. Baadhi ya mashine za kulishia zinazochomekwa ukutani hugeuza pipa lao mara moja kila zinapopata umeme. Umeme ukikatika na kurudi mara tano kwa siku, samaki wamelishwa mara tano. Chakula cha ziada kinaoza na kutoa amonia. Tufanye hesabu: gramu 10 za chakula chenye protini asilimia 45, kikioza chote ndani ya lita 100 na bakteria wa kichujio wakashindwa kukiwahi, zinaweza kufikisha miligramu 7 za naitrojeni ya amonia kwa kila lita. Maji ya samaki wa Tanganyika huongeza ukali wa jambo hili. Kwenye maji yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia moja. Kwenye pH 8.5, ambayo ndiyo wanayoipenda samaki hawa, inakaribia asilimia 15.

Chagua mashine ya betri ambayo haijali umeme wa ukutani. Ukijitengenezea, programu iandike saa ya mlo wa mwisho kwenye kumbukumbu isiyofutika, na ikiamka bila kujua saa ni ngapi isilishe kabisa. Juu ya yote hayo, usilijaze pipa. Weka chakula ambacho hata kikimwagika chote kwa mara moja hakitaua tangi. Kwa safari ya wiki, gramu 2 zinatosha samaki wadogo wachache. Itazame pia mahali ilipokaa. Mvuke wa maji hupanda kwenye mdomo wa pipa na kufanya chakula kishikamane, na bonge hilo aidha linaziba, aidha linadondoka zima.

Taa haina makali hayo. Saa 8 kwa siku zinatosha, na zikizidi mwani utajaa kwenye kioo. Taima ya duara yenye vipini husimama umeme unapokatika, kwa hiyo ukikatika kwa muda wa saa 3, ratiba yote inasogea saa 3, na baada ya wiki taa inaweza kuwa inawaka usiku wa manane. Taima yenye betri ndani haina tatizo hilo, mradi betri bado ni nzima.

Kichujio na pampu ya hewa ndivyo vinavyokwenda kinyume na vyote nilivyotaja, maana upande wao salama ni kubaki vimewaka. Samaki wanahitaji oksijeni kila dakika, na maji ya moto hubeba kidogo kuliko ya baridi. Vichomeke moja kwa moja ukutani, visipitie taima, rilei wala kidhibiti chochote. Umeme ukikatika, ukosefu wa hewa ndio utakaowatesa samaki kabla ya baridi. Tangi letu la nyuzi 25 katika chumba cha nyuzi 18 hupoteza pungufu ya nyuzi 2 kwa muda wa saa 4, jambo ambalo samaki hawalitilii maanani. Pampu ndogo ya hewa ya betri, ile inayojiwasha umeme unapopotea, ina faida hapa kuliko kifaa chochote cha kupasha joto.

Majaribio yafanywe siku tatu kabla ya safari, si asubuhi ya safari. Chomoa kila kitu kwa dakika 10, urudishe, uone kama mashine ya chakula imegeuka bila kuamriwa. Kisha toa kipimo majini, ukitie kwenye glasi ya maji ya barafu, usubiri kwa saa nyingi: hita iwake, halafu ijizime yenyewe kwenye 27. Mwisho, maji yakishapoa, ng'oa waya wa kipimo kabisa, na hita ibaki baridi. Ikiwaka, ichomoe, uwaachie samaki maji yenye joto la chumba mpaka urudi.