Fonti ya Kwenye Bango Ni ya Nani?

Umepiga picha bango la harusi na herufi zake zimekuvutia. Kata neno moja tu, linyooshe, ongeza weusi na weupe, kisha lipandishe kwenye WhatTheFont. Herufi zikiwa zimegusana, zitenganishe kwanza, maana programu inaweza kuzisoma kama herufi moja.

Majibu yatakuja kwa wingi, na la kwanza si lazima liwe sahihi. Gotham na Montserrat, kwa mfano, huchanganywa sana. Andika neno lilelile kwa kila fonti, ukubwa ule ule, uliweke juu ya picha. Montserrat ni pana zaidi, hivyo neno refu litaanza kupishana na picha kadiri unavyoelekea mwisho. Kagua pia R, Q, a na g. Herufi kama l hazikwambii kitu.

Hapo ndipo leseni inapoingia. Gotham huuzwa. Montserrat inatolewa bure chini ya SIL Open Font License: unaweza kuitumia kibiashara, hata kuibadilisha, ila huruhusiwi kuuza faili la fonti peke yake. Kwenye kompyuta yenye programu ya otfinfo, andika:

```
otfinfo -i Montserrat-Regular.ttf
```

Soma mstari wa License Description, kisha ulinganishe na ukurasa wa mtengenezaji. Tovuti nyingi za kupakua fonti bure huandika "Free for personal use". Kwa bango la mteja anayekulipa, hiyo haitoshi.