Lanchi ya Mjengo: Cheki Kokoto Kabla Uweke Sufuria

Wasee wengi wakiskia mtu anapelekanga lanchi kwa mjengo, wanadhani noma iko kwa kupika. Kupika ndio rahisi. Mathe yeyote wa Kawangware ashapikia watu hamsini kwa matanga ama ruracio na hakuna mtu alienda keja na njaa. Penye hii biashara inasimama ama inaanguka ni kwa namba. Kesho wasee watakuwa wangapi? Na kati ya hao, wangapi watakuwa bado wako Jumamosi ganji ikitoka?

Ofisi iko na watu walewale, kiti zao na majina zao, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mjengo haiko hivyo. Chukua ghorofa moja pale Kileleshwa. Wiki ya kawaida iko na watu kama 50: mafundi wa mbao, wale wa kufunga chuma, wa mawe, na mahendimani. Siku ya kumwaga slabu wanaruka wanafika mia na kitu, ju simiti inataka mikono mingi kwa mpigo. Kesho yake slabu inamwagiliwa maji ikauke pole pole, mbogi ya karai ishahama mjengo ingine, na unaeza pata wasee 25 peke yake. Mtu akipika sufuria ileile kila siku, siku ya slabu watu wanakosa msosi na kesho yake anamwaga.

Lakini slabu haimshtuangi mtu ako rada. Siku mbili tatu kabla, lori zinaanza kumwaga kokoto na mchanga kwa geti, na saruji inapangwa juu ya mbao na kufunikwa na karatasi. Huko juu wasee wa chuma wanamalizia kufunga, fundi wa stima anapitisha paipu zake katikati ya hiyo chuma, na plamba naye anaweka zake, ju simiti ikishakaa hapo ni kuchimba tu. Halafu injinia anakuja kuangalia chuma. Ukimwona amepanda juu, foremani anamfuata nyuma mguu kwa mguu, anza kutafuta sufuria ya pili.

Mimi huwa nauliza foremani jioni nikichukua masahani, si asubuhi. Asubuhi ako na makelele ya watu wa kuandikwa, hana time ya stori za githeri.

"Mkubwa, kesho tuko wangapi?"

"Kesho hamsini hivi. Lakini Alhamisi miksa inakuja, jipange."

Hiyo "miksa inakuja" ndio inaniambia ninunue nini. Siku ya slabu kazi haisimami. Simiti ikiachwa katikati ikaanza kukauka, ile ingine ukimwaga baadaye haishikani nayo vizuri, na hapo ndio maji hupitia baadaye. Kwa hivyo wasee hawashuki wote saa saba. Wanakula kwa zamu, wengine wanashuka saa sita na nusu, wengine saa tisa, mikono imejaa simiti. Menyu ya hiyo siku lazima iwe kitu inakaa moto masaa matatu bila kuharibika. Ugali inakuwa jiwe. Wali nao ukikaa ukipoa pole pole kwa joto ya mchana unaeza tibua watu tumbo hata kama hauna harufu. Githeri ama madondo, hapo ndio kwao: zinashika moto kwa sufuria nzito iliyofunikwa na blanketi, na zikianza kupoa unazirudisha kwa jiko zichemke tena. Ugali matumbo na sukuma naziweka Jumanne ama siku yenye watu wanashuka pamoja. Chapo ni za Jumatano, ju zinataka mikono ya kusukuma, na hiyo mikono siwezi lipa kila siku.

Sasa wacha tupige hesabu ya githeri ya sahani 50, bei zikiwa za kawaida tu za soko, ju hupanda na kushuka. Mahindi gorogoro tatu, maharagwe gorogoro mbili. Gorogoro ni kama kilo mbili, kwa hivyo una kilo kumi kavu. Zikiiva zinavimba zinapita mara mbili, ukiongeza waru, kabeji, nyanya na supu unafika kilo thelathini hivi. Hiyo ni gramu 600 kwa sahani, na mtu amebeba mawe tangu asubuhi hawezi dai chini ya hiyo. Tuseme mahindi 360, maharagwe 560, waru na kabeji 400, nyanya na vitunguu 250, mafuta 250, makaa 300, chumvi, dania na maji 100. Hapo uko 2,220. Nduthi ya kupeleka na kurudisha, 300. Msichana wa kunisaidia kukaanga na kuosha, jirongo, yaani 500. Jumla ni 3,020, karibu shilingi 60 kwa sahani.

Nikiuza 80, sahani zote 50 zikienda, nabaki na 980. Si mbaya. Lakini cheki hapa: ile 3,020 nimeshaitoa kabla mtu hajaonja. Kuirudisha nataka sahani 38. Wakija 35, nimechapa kazi tangu saa kumi alfajiri na nimetoa soo mbili na kitu mfukoni mwangu. Ndio maana hiyo swali ya jioni kwa foremani inalipa kuliko kiungo yoyote.

Kuna njia ya kujikinga na siku zenye namba inadanganya. Mahindi na maharagwe nayachemsha alfajiri, lakini sikaangi mpaka saa nne asubuhi, chai ya mjengo ikishapita na nimepigia foremani simu nikajua wameingia wangapi. Githeri ya kuchemshwa bila nyanya iko na soko yake hapa mtaani: mathe za ploti huinunua kwa kikombe wakakaange kejani. Ikizidi, inauzwa hapo mlangoni kabla saa sita. Ikishakaangwa ni ya mjengo tu, na ikirudi jioni haingojei kesho. Githeri ya jana kwa hii joto huanza kutoa povu na harufu kama ya togwa, na hata kabla ifike hapo ishaharibika.

Maharagwe nayo nunua ukiangalia. Yale yamekaa stoo miaka yanakuwa na ngozi imefifia na imekunjamana, na yanakula makaa masaa na masaa bila kulainika. Mtu akikupunguzia mbao kwa gorogoro ya hayo, atakutoa zaidi kwa makaa. Yaloweke usiku, mwaga hayo maji, halafu yachemke kabisa kwa moto mkali. Yale mekundu yasipochemka vizuri yanatapisha watu, na kikosi kizima kikitapika siku ya slabu, hiyo mjengo sahau.

Kitu ingine inakulanga faida kimya kimya ni mkono wa kupakua. Fundi anakuambia "ongeza kidogo, siz," na wewe una roho. Gramu mia kwa kila sahani haionekani. Kwa sahani 50 ni kilo tano, na hizo ni sahani nane zimeenda. Mimi napakua na magi moja ya plastiki, imejaa mpaka kwa laini, mara mbili kwa kila mtu. Yule anataka kushiba zaidi ananunua nusu, shilingi 40, na avoka ni mbao. Wote wakiona magi ni moja, hakuna mtu anasema mwingine amependelewa.

Kufikisha si stori refu. Kawangware mpaka Kileleshwa ni karibu, lakini Lavington hapo katikati jam ya mchana inaeza kukushika, so natoka saa sita kamili. Sufuria inafungwa mfuniko na blada, inakaa ndani ya kreti nyuma ya nduthi. Ndoo za rangi wachana nazo hata kama zimeoshwa. Hazikutengenezewa msosi moto. Masahani nahesabu nikishusha na nahesabu tena nikipakia, na hiyo hesabu ndio ushahidi wangu wa watu wangapi wamekula. Cheti ya afya ya mtu wa kushika chakula nabeba kwa mfuko, ju kanjo na watu wa afya wakitokea hawataki kuskia iko kejani. Hiyo cheti inapimwa upya kila miezi sita.

Sasa ganji. Hendimani wengi hawana kitu mfukoni Jumatatu, na ukisema ni keshi peke yake, utauzia foremani na mafundi watatu. Kwa hivyo daftari lazima. Lakini faida ya sahani moja ni kama mbao. Mtu mmoja akila siku tano akahepa, ameenda na 400, na hiyo ni faida ya sahani ishirini. Hapo ndio unajua deni ni ya kupimwa kama mafuta.

Mimi naandika wale tu wako kwa listi ya foremani ya wiki, na kila mtu anaweka sahihi akichukua sahani. Ikifika siku tatu, unalipa nusu ndio uendelee. Jumamosi mchana, majina yakisomwa, mimi niko hapo na daftari kabla mtu afike geti. Na nauliza mapema kama wanalipwa keshi ama kwa simu. Kama ni kwa simu na msee ako na Fuliza, pesa ikiingia Fuliza inajikata kwanza, na yeye anabaki akiangalia salio yenye haitoshi hata nauli. Hadanganyi, lakini mimi pia nangoja. Huyo tunaelewana analipa ya kila siku, hata kama ni finje leo na kinachobaki kesho. Malipo yote yanaingia kwa Pochi la Biashara, si kwa salio yangu ya kawaida, ndio nisichanganye ya maharagwe na ya kodi.

Mbogi ya slabu siandiki hata mmoja. Wanakuja siku moja na wanalipwa jioni hiyohiyo, kesho wako Ruaka ama Syokimau. Nabonga na kiongozi wao kabla: anipe namba, anilipe zote kwa mpigo akipokea yake. Mara nyingi kontrakta mwenyewe ndio hulisha watu siku hiyo, na huyo namwitisha nusu siku moja kabla. Sahani 110 kwa 80 ni 8,800. Nikipata 4,400 mapema, vitu vya sokoni viko sawa hata akichelewesha hiyo ingine. Akisema atalipa yote kazi ikiisha, namwambia kwa heshima, "Mkubwa, hapo sitaweza," na kesho napika za wale 50 wangu.