Vyeo vinne, mwajiri mmoja: namna ya kuandika ngazi ya kazi yako

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MTU aliyehama kampuni nne katika miaka 12, na mwenzake aliyepandishwa cheo mara tatu ndani ya kampuni moja kwa muda huo huo, wanaweza kupeleka sivii zinazofanana kabisa. Kila mmoja ameandika vyeo vinne na tarehe nne. Ofisa anayechuja maombi ana bahasha nyingi mezani, hana muda wa kuchunguza. Wote wawili atawaona ni watu wasiotulia kazini.

Mimi ni mwalimu hapa Kampala, na nyakati za jioni huwa naletewa karatasi hizi nizisome, hasa na wenzangu tuliorejea kutoka nchi jirani na vijana wanaofanya kazi mipakani. Nitaeleza mfano wa mama mmoja aliyefanya kazi katika kampuni ya kuondoa mizigo forodhani. Yeye na kampuni yake sitawataja majina.

Alianza Februari 2012 kama karani wa nyaraka Kampala. Julai 2014 akapelekwa Malaba kuwa ofisa wa forodha, akawa anaandaa mwenyewe maombi ya kutoa mizigo. Aprili 2017 akawa msimamizi wa zamu hapo Malaba, akiongoza watu 6. Oktoba 2018 ofisi ilibadili jina la cheo hicho kuwa mratibu wa zamu. Septemba 2020 alianza kukaimu umeneja wa tawi la Busia, na Januari 2021 akathibitishwa kuwa meneja mwenye wafanyakazi 14. Aliondoka mwishoni mwa Agosti 2024.

Sivii yake ya kwanza ilisema: "Meneja wa tawi, 2012 hadi 2024." Hiyo ilificha ngazi yote, tena si kweli, kwa kuwa barua ya umeneja ni ya 2021. Ya pili iliandika jina la kampuni mara tano, kila cheo na fungu lake, ikaonekana kama kazi tano za watu mbalimbali.

Jambo la kwanza ni kuhesabu upya. Si kila jina jipya la cheo ni kupandishwa. Jiulize maswali matatu: je, mshahara uliongezeka? Je, watu walio chini yako waliongezeka? Je, ulipewa mamlaka ya kutia saini au kuamua jambo ambalo awali lilikuwa la mkubwa wako? Kama majibu yote ni hapana, cheo kilibadilishwa jina tu. Mama huyu alipoitwa mratibu mwaka 2018 aliendelea na mshahara ule ule na watu wale wale 6. Kwa hiyo tukaunganisha usimamizi na uratibu kuwa ngazi moja. Nako kukaimu kwa miezi minne si cheo kamili. Hukitaja ndani ya maelezo, wala hukirudisha nyuma tarehe ya umeneja. Zikabaki ngazi nne, yaani kupandishwa mara tatu.

Jambo la pili ni mpangilio. Jina la mwajiri huandikwa mara moja tu, pamoja na muda wote. Vyeo hufuata chini yake, kipya kikiwa juu:

Kampuni ya kuondoa mizigo, Kampala, Malaba na Busia: Februari 2012 – Agosti 2024
Meneja wa tawi, Busia: Januari 2021 – Agosti 2024
Msimamizi (baadaye mratibu) wa zamu, Malaba: Aprili 2017 – Desemba 2020
Ofisa wa forodha, Malaba: Julai 2014 – Machi 2017
Karani wa nyaraka, Kampala: Februari 2012 – Juni 2014

Tazama kwamba mwezi wa kuishia cheo kimoja unashikana na mwezi wa kuanzia kingine. Ukiandika miaka mitupu, msomaji hawezi kujua kama katikati ulikaa nyumbani. Maelezo ya kazi yawe mengi kwenye cheo cha juu, na yapungue kadiri unavyoshuka. Ukarani wa 2012 unatoshwa na mstari mmoja.

Jambo la tatu ni muhtasari unaokaa juu kabisa, chini ya jina lako. Huu ndio unaosomwa kwanza, na hapo ndipo ngazi inapaswa kuonekana kabla ya orodha. Wa mama huyu tuliuandika hivi: "Nina miaka 12 ya kuondoa mizigo forodhani katika kampuni moja, 2012 hadi 2024. Nimepandishwa cheo mara 3, kutoka karani wa nyaraka Kampala hadi meneja wa tawi la Busia lenye wafanyakazi 14." Una mambo manne tu: muda, mwajiri mmoja, idadi ya kupandishwa, na mwanzo na mwisho wa ngazi. Maneno kama "mchapakazi" hayahitajiki, maana tarehe zimekwisha kusema.

Wanaoomba kazi serikalini wana shida nyingine. Fomu Nambari 3 ya Tume ya Utumishi wa Umma ina jedwali la kazi ulizofanya, lenye kipindi, cheo, na jina la mwajiri na anwani yake. Humo huwezi kuweka vyeo vinne chini ya jina moja. Kila cheo kipe mstari wake, na jina la mwajiri liandike vile vile neno kwa neno katika kila mstari, hata kama kampuni ilifupisha jina lake baadaye. Muhtasari upeleke kwenye barua ya maombi.

Sasa ushahidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi anayeondoka haki ya kuomba cheti cha utumishi. Lakini cheti hicho hutaja muda wote wa kazi na cheo alichokuwa nacho wakati wa kuondoka. Vyeo vya nyuma havimo. Ndiyo maana kila barua ya kupandishwa itunzwe, na nakala yake iwe nyumbani, isiwe kwenye faili la ofisi peke yake.

Ikiwa barua zimepotea, chukua taarifa ya michango yako NSSF. Hapa Uganda mchango ni asilimia 15 ya mshahara: mwajiri hutoa 10 na mfanyakazi 5. Mshahara ukipanda, mchango nao hupanda, kwa hiyo mwezi ambao tarakimu ziliruka unaweza kukukumbusha tarehe ya cheo kipya. Hata hivyo, nyongeza ya kawaida nayo huinua mchango, basi tumia taarifa hiyo kukumbuka, usiifanye uthibitisho wa cheo.

Waliofanya kazi Kenya wasitegemee njia hii kwa miaka ya nyuma. Huko, hadi mwanzoni mwa 2023, mfanyakazi alikatwa kiasi kisichozidi shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akatoa kiasi hicho hicho, kwa hiyo karani na meneja walionekana sawa. Kwao karatasi za mshahara ndizo zenye habari. Na kama ulihamishwa kutoka tawi la Nairobi kwenda Kampala, angalia kwanza kama mkataba ulikuwa mmoja. Kampuni mbili zilizosajiliwa katika nchi mbili ni waajiri wawili hata zikiwa na mwenyewe mmoja. Ziandike mbalimbali, kisha ueleze kwa sentensi moja kwamba ulihamishwa.

Mpangilio huu una mpaka wake. Kama cheo cha mwisho kilipatikana miaka 8 iliyopita, orodha hiyo hiyo itaonyesha pia mahali uliposimama, na swali litaulizwa kwenye usaili. Jibu lake liwekwe ndani ya cheo hicho: tawi lilikua kutoka watu wangapi hadi wangapi, au kazi gani mpya ziliongezwa mikononi mwako bila jina la cheo kubadilika.