Hisa Imetulia, Bei ya Opsheni Imehama

Opsheni ni mkataba unaompa mwenye nao haki, lakini si wajibu, ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa, mkataba ukiwa haujafika tarehe ya ukomo. Katika masoko ya Marekani, ambako mikataba hii ilianza kuuzwa katika soko rasmi la Chicago tarehe 26 Aprili 1973, mkataba mmoja kwa kawaida unahusu hisa 100. Kila opsheni huonyeshwa skrini kwa bei mbili, kama zile za ubaoni kwenye duka la kubadilisha fedha: bei ya kununulia, ambayo soko liko tayari kumlipa anayeuza, na bei ya kuuzia, ambayo anayenunua atatozwa. Anayeanza biashara hii hushangaa anapoona bei hizo zimepanda au kushuka huku hisa yenyewe ikisomeka palepale. Maswali yafuatayo yanahusu mshangao huo.

Bei hizo mbili huwekwa na nani?

Sehemu kubwa huwekwa na kampuni ambazo kazi yao ni kusimama sokoni siku nzima, tayari kununua na kuuza, zikiishi kwa pengo lililopo kati ya bei mbili. Kompyuta zao hutangaza bei za mikataba maelfu kwa wakati mmoja na kuzirekebisha mara nyingi ndani ya sekunde moja. Wawekezaji wa kawaida nao huweza kutangaza bei zao, na skrini huonyesha ile iliyo nzuri kuliko zote.

Ili kuelewa bei zao, ni lazima kuelewa hofu yao. Tuseme hisa inauzwa dola 100, na kampuni imemuuzia mteja opsheni ya kununua hisa hiyo kwa dola 100 ndani ya siku 30. Hisa ikipanda, kampuni itapata hasara. Kwa hiyo inajikinga papo hapo kwa kununua hisa zipatazo 50, kwa sababu opsheni ya namna hii hupanda karibu senti 50 kila hisa inapopanda dola moja. Baada ya kinga hiyo kampuni haijali sana kama hisa itapanda au itashuka. Inachoogopa ni hisa kuruka mbali, kwa upande wowote, kabla haijapata nafasi ya kurekebisha kinga yake. Kwa maneno mengine, imeuza mtikisiko, na bei inayotoza ni bei ya mtikisiko huo.

Kama hisa haikusogea, kuna nini kingine cha kusogeza bei?

Kanuni ya Black na Scholes, iliyochapishwa mwaka 1973, inahitaji mambo matano ili kutoa bei ya opsheni: bei ya hisa, bei ya mapatano, muda uliobaki, riba, na kiwango ambacho hisa inatarajiwa kuyumba. Gawio likiwepo, nalo huingizwa. Hisa ni jambo moja tu kati ya hayo. Bei ya mapatano haibadiliki, na riba hubadilika taratibu kiasi kwamba katika mkataba wa siku 30 athari yake ni ndogo. Yanabaki mawili yenye nguvu: muda na myumbo unaotarajiwa.

Muda hupita hata soko likilala. Katika mfano wetu, riba na gawio vikiachwa kando na myumbo ukichukuliwa kuwa asilimia 30 kwa mwaka, opsheni hiyo ina thamani ya takriban dola 3.43, na soko linaweza kutangaza 3.40 kwa 3.50. Kila siku inayopita inachukua karibu senti 6. Zikibaki siku saba, hisa ikiwa bado dola 100, thamani ni kama dola 1.66 na kila siku sasa inachukua karibu senti 12. Mmomonyoko huo hauendi kwa mapigo sawa kama saa. Waweka bei wengi huanza kuzihesabu siku za mwisho wa wiki kabla soko halijafungwa Ijumaa, ndiyo maana opsheni inaweza kushuka mchana wa Ijumaa kwa sababu ya Jumapili ambayo haijafika.

Na myumbo unaotarajiwa hupanda vipi?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo maelezo mengi yanapozunguka. Msomaji huambiwa kwamba opsheni imepanda kwa sababu myumbo unaotarajiwa umepanda. Lakini myumbo huo haupimwi mahali popote. Hupatikana kwa kuichukua bei ya opsheni iliyopo sokoni na kuirudisha ndani ya kanuni kinyumenyume. Kwa hiyo kusema umepanda ni kusema tu kwamba watu wanalipa zaidi. Sababu hasa bado haijatajwa.

Sababu mara nyingi ni wanunuzi. Tuseme mfuko mkubwa unataka mikataba 5,000 ya opsheni ile ya dola 100. Kampuni inayoweka bei imetangaza kuuza mikataba 200 tu kwa dola 3.50. Ikishauza hiyo 200 na kuona bado kuna njaa ya kununua, haitauza mingine kwa bei ileile, kwa sababu mzigo wa hatari unaongezeka na kwa sababu inashuku kwamba mnunuzi anajua jambo. Inapandisha bei zote mbili, tuseme hadi 3.70 kwa 3.85. Kinyumenyume, bei hiyo inasomeka kama myumbo wa asilimia 33. Ukiongeza hatua moja ya asilimia katika opsheni hii, bei hupanda kwa karibu senti 11, na hatua tatu ndizo zilizoleta ongezeko la senti 34. Hisa bado ni dola 100.

Mbona bei imehama, na katika mkataba huo hakuna aliyenunua wala kuuza?

Kwa sababu waweka bei hawautazami mkataba mmoja peke yake. Opsheni zote za hisa moja ni familia. Mtu akinunua kwa wingi ile yenye bei ya mapatano ya dola 105, kompyuta huinua na ile ya 100 na ya 95, na hata za mwezi ujao. Tena Marekani ina masoko ya opsheni zaidi ya 15, na mauzo katika soko moja husomwa na mengine yote mara moja. Bei iliyotangazwa haihitaji kusubiri mtu afanye biashara ndipo ibadilike. Ni ahadi, na mwenye ahadi anaweza kuifuta na kuandika nyingine wakati wowote.

Je, ni kweli hisa haijasogea?

Si mara zote. Namba ambayo wengi huitazama ni bei ya mauzo ya mwisho, na hayo yanaweza kuwa yalifanyika dakika kadhaa zilizopita, hasa kwa hisa isiyouzwa sana. Huenda skrini inaonyesha 100.00 huku bei ya kununulia hisa imehama kutoka 99.98 hadi 100.06, na ya kuuzia kutoka 100.02 hadi 100.14. Mwenye opsheni anajikinga kwa bei hizo mpya, si kwa mauzo ya zamani, na opsheni tayari imepanda karibu senti 5. Kosa hili la kusoma ndilo rahisi kuliko yote kulirekebisha: bei mbili za opsheni zilinganishwe na bei mbili za hisa.

Hutokea nini kampuni inapokaribia kutangaza mapato?

Kampuni nyingi za Marekani hutangaza mapato ya robo mwaka baada ya soko kufungwa au kabla halijafunguliwa. Kila mtu anajua usiku gani hisa inaweza kuruka, kwa hiyo opsheni zinazovuka usiku huo hupanda bei. Chukua opsheni ya kununua kwa dola 100 yenye siku tano, ambayo soko limeiwekea myumbo wa asilimia 80: bei yake ni takriban dola 3.73. Taarifa inatoka, haina la kushangaza, na asubuhi hisa inafunguliwa dola 100 kamili. Usiku wa hatari umepita, myumbo umerudi asilimia 30, siku zimebaki nne, na opsheni sasa ina thamani ya takriban dola 1.25. Aliyenunua mkataba mmoja amepoteza dola 248 bila hisa kusogea hata senti moja. Hata hisa ingepanda dola mbili, huenda bado angekuwa na hasara. Hakudanganywa na mtu. Alinunua ruko la bei ambalo halikutokea.

Kwa nini wakati mwingine bei moja inashuka na nyingine inapanda?

Hapo pengo linapanuka, na maana yake ni mashaka, si mwelekeo. Mweka bei akiona hisa yenyewe ina pengo kubwa, kinga yake itamgharimu zaidi, basi anapanua pengo la opsheni ili afidie. Dakika za mwanzo baada ya soko kufunguliwa, na zile za kungoja tangazo la benki kuu, huwa hivyo. Anayemiliki opsheni anaweza kuona akaunti yake imepungua ghafla kwa sababu tu hesabu inafuata bei ya kununulia, ilhali katikati ya bei mbili hapajahama.

Mtu atatambuaje sababu ni ipi?

Kipimo kizuri ni kuitazama opsheni ya kuuza yenye bei ileile ya mapatano na tarehe ileile. Opsheni ya kununua na ya kuuza zikipanda pamoja, soko limeongeza bei ya mtikisiko. Zikishuka pamoja, ama muda umekula au hofu imetulia. Moja ikipanda na mwenziwe akashuka, basi hisa imehama hata kama mauzo ya mwisho hayajaonyesha, au matarajio ya gawio yamebadilika, au hisa imekuwa ghali kuazima kwa wanaotaka kuiuza bila kuwa nayo. Katika hali hiyo ya mwisho opsheni ya kuuza hupanda na ya kununua hushuka, na bei ya hisa inaweza isitoe ishara yoyote.

Kulinganisha huku kufanywe kwa katikati ya bei mbili, si kwa bei ya mauzo ya mwisho ya opsheni, ambayo inaweza kuwa ya jana. Na kwa kuwa pengo hupanuka na kurudi, agizo la kununua au kuuza linalotaja bei ya ukomo ni salama kuliko lile linalokubali bei yoyote iliyopo. Agizo la kujitoa linaloamshwa na bei ya kununulia ndilo hatari zaidi: dakika tano za pengo pana asubuhi zinatosha kuliamsha, na opsheni ikauzwa kwa bei ambayo robo saa baadaye haipo tena.