Maneno Machache Yanayouza Keki

Mtu anayefungua ukurasa wa mwokaji keki wa nyumbani kwenye Instagram mara nyingi ameshaona picha ikampendeza. Hakuja kutafuta historia ya mwokaji. Anataka kujua keki ni bei gani, mwokaji yuko wapi, na kama Jumamosi ya sherehe yake bado ina nafasi. Asipoyapata hayo haraka, anahamia ukurasa mwingine.

Tumchukue mwokaji wa Tabata, Dar es Salaam, ambaye wasifu wake unasomeka hivi: "Mama wa watoto wawili. Napenda kuoka. Keki tamu zenye upendo. Mungu kwanza. Njoo inboksi kwa oda." Hakuna ubaya katika maneno hayo, ila hakuna hata moja linalojibu maswali ya mteja. Kila mwokaji husema keki zake ni tamu. Na anayeambiwa aje inboksi ili tu apewe bei huhofu kwamba bei itamshinda, au kwamba itapangwa kwa kumwangalia alivyo.

Instagram inatoa nafasi ya herufi 150 tu kwa wasifu, nafasi tupu zikihesabiwa. Kwa hiyo kila mstari ubebe jibu moja. Mwokaji wetu anaweza kuandika hivi:

```
Keki za siku ya kuzaliwa na harusi
Kilo 1 kuanzia Sh 35,000
Oda siku 3 kabla
Tabata, Dar. Boda unalipia wewe
Uliza kama tarehe yako ipo wazi
```

Hizo ni herufi 140. Bei ya kuanzia, ambayo kila mwokaji ataweka ya kwake, inawaondoa mapema wasio na bajeti hiyo, na inawatoa hofu walio nayo. "Siku 3 kabla" inampunguzia mwokaji wale wanaoomba saa mbili usiku keki ya kesho asubuhi. Suala la boda nalo likisemwa mapema, hakuna mzozo mlangoni kuhusu nani anamlipa dereva.

Juu ya wasifu kuna sehemu ya jina, ambayo wengi hurudia tu jina la akaunti. Sehemu hiyo husomwa na kitafutio cha Instagram. Ukiandika "Keki Tabata" baada ya jina la biashara, anayetafuta keki maeneo hayo ana nafasi kubwa zaidi ya kukuona. Lifikirie kwanza, maana jina linabadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14.

Sasa tuje kwenye linki. Instagram inaruhusu linki hadi tano, lakini ukiweka zaidi ya moja, mgeni huona ya kwanza tu na lazima aguse ili kuziona nyingine. Kwa mwokaji anayepokea oda kwa WhatsApp, moja inatosha:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naulizia%20keki.%0ATarehe:%0AKilo:%0AMahali:
```

Namba huanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri. Hapo ndipo wengi hukosea: wakiandika 25507, linki haifiki kwao. Alama ya %20 ni nafasi kati ya maneno, na %0A hushusha mstari. Mteja akigusa, WhatsApp inafunguka ikiwa na ujumbe tayari, naye anajaza tarehe, kilo na mahali kisha anatuma. Ijaribu linki hiyo kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kuiacha hewani.

Mstari wa mwisho wa wasifu, ulio juu kidogo ya linki, ndio unaomsukuma mtu kuigusa. "Bofya hapa" haimwambii atapata nini. "Weka oda sasa" inamtaka aamue kabla hajawa tayari. "Uliza kama tarehe yako ipo wazi" inaomba jambo dogo, na ndilo analotaka kulijua.

Utajuaje kama maneno yamefanya kazi? Hesabu kwa wiki mbili jumbe zinazoanza na "Naulizia keki", kisha hesabu waliolipa kianzio. Wageni wakiwa wengi na jumbe chache, badilisha mstari wa mwisho au bei ya kuanzia. Jumbe zikiwa nyingi lakini kianzio hakilipwi, wasifu umemaliza kazi yake: tazama unavyojibu, unachukua muda gani kujibu, na kama bei unayotaja WhatsApp inalingana na uliyoandika. Badilisha jambo moja kwa wakati, la sivyo hutajua lipi limesaidia. Na siku unga na mayai vikipanda, bei ya kwenye wasifu ndiyo ya kwanza kurekebishwa, kwa sababu mteja aliyeahidiwa Sh 35,000 akatajiwa 45,000 harudi.